Samaki Walioanzia Ukurasa wa Tano

Sentensi ya kwanza ya kipeperushi kile ilikuwa na maneno thelathini, na ndani yake hapakuwa na samaki hata mmoja. Naikumbuka yote kwa sababu niliitunga mimi: "Katika ulimwengu huu wa leo unaokwenda kwa kasi kubwa ya sayansi na teknolojia, ni ukweli usiopingika kwamba suala zima la lishe bora kwa jamii yetu limeendelea kuchukua nafasi ya kipekee." Siku nilipoimaliza niliisoma kwa sauti, nikiwa nimesimama, na mbunifu wa kurasa ambaye meza yake inatazamana na yangu akaniuliza kama kuna msiba.

Ofisi yetu ni ya uchapaji, chumba kimoja na nusu nyuma ya soko katikati ya Mwanza. Tunachapa kadi za harusi, risiti, kalenda na vipeperushi. Mbunifu hupanga picha na herufi kwenye kompyuta. Mimi, mwenye shahada ya lugha na mvi zinazoanzia masikioni, husahihisha maneno ya wateja na mara nyingine huyaandika upya. Kipeperushi kile kilikuwa cha mama mmoja anayezalisha vifaranga wa sato ufukweni, upande wa Ilemela. Ana matangi ya saruji, ana mtungi wa oksijeni, na kila juma huwafungia vifaranga kwenye mifuko ya nailoni watu waliochimba mabwawa nyuma ya nyumba zao. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alileta ukurasa mmoja wa daftari wenye mistari kumi na mmoja. Yote ilihusu samaki: wanauzwa wakiwa na ukubwa gani, wanafungwa saa ngapi, mtu afanye nini akifika nao nyumbani.

Niliutazama ukurasa ule kwa huruma. Karatasi moja ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa ndogo sita, na kurasa sita kwa mistari kumi na mmoja ni jangwa. Nikamwambia aniachie, nitauboresha. Aliniamini, na mpaka leo jambo hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote, kwa sababu alinikabidhi kitu kizima akidhani ni kibovu.

Kuboresha nilikuwa nimejifunzia chuoni. Huko niligundua mapema kwamba mwalimu anayetaka kurasa ishirini hawezi kukataa kurasa ishirini. Nilikuwa na akiba ya maneno ambayo ningeweza kuyamwaga popote bila kujua lolote kuhusu mada: kwa mantiki hiyo, ikumbukwe kwamba, kwa namna moja au nyingine, wadau mbalimbali. Niliyatumia kwenye insha, baadaye kwenye barua za kuomba kazi, kisha kwenye risala za harusi za ndugu zangu. Hakuna aliyewahi kunilalamikia. Watu husubiri maneno ya aina hiyo yapite kama wanavyosubiri ng'ombe wavuke barabara, kisha huendelea na safari.

Basi nikaboresha. Ukurasa wa kwanza ulibeba jina na picha. Wa pili ulikuwa utangulizi. Wa tatu ulikuwa na dira, dhamira na maadili ya msingi. Wa nne ulieleza huduma, na kila huduma ilikuwa bora, ya kisasa na ya uhakika. Vifaranga walianza kuonekana kwenye ukurasa wa tano, na maelekezo ya kuwapokea yalikuwa mwisho wa aya ya tatu ya ukurasa huo: "Aidha, wateja wetu wapendwa mnashauriwa kuzingatia taratibu zote stahiki za upokeaji wa vifaranga, ikiwa ni pamoja na suala zima la kuoanisha hali ya joto la maji kwa muda muafaka." Ukurasa wa sita ulikuwa na ramani. Kwenye daftari lake mama alikuwa ameandika "dakika ishirini". Mimi niliona dakika ishirini ni lugha ya jikoni, nikaweka muda muafaka.

Miezi kadhaa ilipita. Asubuhi moja mama aliingia ofisini akiwa na mzee mrefu aliyeshika kipeperushi chetu kilichojikunja kwa unyevu. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi. Mama akamtambulisha: anatoka Buhongwa, aliendesha treni hadi alipostaafu, na baada ya kustaafu alichimba bwawa. Kisha akanitambulisha mimi kwa maneno manne.

"Huyu ndiye aliyeandika, baba."

Mzee alikifungua kipeperushi juu ya meza yangu, akakilainisha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno dhamira.

"Nimesoma mpaka hapa," akasema. "Hapa nikaona bado mnajisifu. Nikasema ngoja wamalize kwanza, nitarudi."

"Ukarudi, baba?" nikauliza.

"Nilirudi samaki wakiwa wanaelea."

Akasimulia. Siku ile kwa mama kulikuwa na wateja wengi, na aliyemkabidhi mfuko alimpa na kipeperushi, akamwambia maelezo yote yamo humo. Alifika Buhongwa saa saba mchana, jua likiwa utosini. Maji ya bwawa lake yalikuwa ya moto juu, maji ya mfuko yalikuwa na ubaridi wa tangi la kivulini. Alifungua mfuko akawamwaga samaki kama mtu anayemwaga maharage sufuriani, akakaa ukingoni kuwaangalia wakifurahi. Kwanza walizunguka ovyo. Kisha wakaanza kulala ubavu. Kufikia asubuhi zaidi ya nusu walikuwa wamekufa, na Buhongwa nzima ilikuwa imeambiwa kwamba vifaranga wa mama yule ni dhaifu.

Nilifanya ambacho mwandishi yeyote angefanya: nilijitetea. Nikageuza mpaka ukurasa wa tano, nikamwonyesha sentensi ile, nikasema kwa upole wote niliokuwa nao kwamba maelekezo yalikuwepo. Mzee aliisoma mara tatu huku midomo ikicheza. Mbunifu aliacha kubofya kipanya.

"Muda muafaka ni dakika ngapi?" mzee akauliza.

Jibu lenyewe nilikuwa nimelifuta.

"Ishirini," mama akajibu kwa niaba yangu. "Nilimwandikia ishirini."

Mama alikuwa ameshamfidia mzee kwa vifaranga wengine, na hakuwa amekuja kugombana. Kilichomleta kilikuwa mbele yake, si nyuma. Kikundi cha akina mama wa kisiwa cha Ukerewe kilikuwa kimechimba bwawa lao la kwanza na kuagiza vifaranga. Vifaranga wangepanda meli ya mchana siku ya Ijumaa, ndani ya maboksi, hadi bandari ya Nansio, na yeye asingeweza kwenda nao kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa na kazi ya kuhamisha samaki wazazi kwenye matangi, kazi asiyomwachia mtu. Nikamuuliza kwa nini asiwapigie simu tu.

"Nimempigia mwenyekiti wao," akasema. "Ameniambia nisijali, yote watayasoma kwenye karatasi."

Tukatazama karatasi yenyewe. Akaongeza, kwa sauti ya kawaida, kwamba vikundi vingine vitatu vya kisiwani vinasubiri kuona itakuwaje. Samaki wa kikundi hiki wakifa, huko hatauza tena hata kifaranga mmoja. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Nilidhani mzee angeondoka, kwani yake yalikuwa yamekwisha. Badala yake alivuta kiti akakisogeza kwenye meza na kuomba kalamu. Alisema anataka kuona tunavyofanya. Mbunifu akachapa nakala ya maneno matupu, bila picha, tukaiweka katikati, na mimi nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma sentensi ya kwanza, ile ya maneno thelathini, nikatua.

"Sasa nifanye nini?" mzee akauliza.

Nikamweleza kwamba huo ni utangulizi, hautaki afanye kitu. Akasema kazini kwake dereva wa treni alipopewa karatasi na stesheni aliisoma akiwa na mzigo wa nchi nzima nyuma ya mgongo wake. Karatasi ilisema asimame wapi, ampishe nani, aondoke lini. "Hakuna aliyeniandikia kwamba reli ni uti wa mgongo wa uchumi," akasema. "Hilo nililijua. Nilikuwa nimelikalia."

Kisha akaigusa sentensi yangu kwa ncha ya kalamu. "Huyu hana tiketi. Mshushe."

Tukaishusha. Hivyo ndivyo asubuhi ile ilivyokwenda: mimi nasoma, mzee anauliza afanye nini, na sentensi isiyoweza kumjibu inashuka. Ikumbukwe kwamba, ilishuka. Kama kweli jambo linakumbukwa, mzee alisema, mbona unaliandika. Ni ukweli usiopingika, ilishuka. Nani alikuwa anapinga? Kwa mantiki hiyo niliipigania, nikaeleza kazi yake ya kuunganisha hoja na hoja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasoma hoja ya juu, akasoma hoja ya chini, akauliza kama zingegombana zikikaa bila msimamizi. Ilishuka pia.

Polepole nami nikaanza kuona. Kulikuwa na maneno ambayo kinyume chake hakuna mtu duniani angekiandika, na kwa hiyo yenyewe hayakuwa yakisema kitu. Tuliposema huduma zetu ni bora na za kisasa, mbunifu aliuliza kama kuna duka linalotangaza huduma mbovu na za kizamani, kwa sababu angependa kulichapia bango. Kulikuwa pia na maneno yaliyokuwa yakijirudia kwa nguo tofauti: mahiri, wenye weledi, waliobobea, mstari mmoja, watu walewale wawili, yaani mama na mdogo wake. Na palikuwa na "suala zima la", ambalo nililihesabu mara saba. Ukiliondoa, kila kilicholifuata kinasimama vilevile. Suala zima la ufugaji ni ufugaji. Suala zima la joto ni joto.

Tulipofika kwenye dira, mama akaweka mkono juu ya karatasi.

Dira haishuki, akasema. Dira ile aliibandika ukutani ndani ya fremu. Wageni wakija huisoma. Alisema watu wakiona karatasi isiyo na dira na dhamira watamwona muuza vitumbua, na yeye amesomea kazi hii, ana cheti. Hakuna aliyecheka. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu mimi mwenyewe maneno yangu marefu yalikuwa cheti changu; niliyavaa ili mtu asiulize ninajua nini hasa. Nikasema labda tuiache dira ikae mwisho.

Mbunifu, ambaye shemeji yake ana saluni Buswelu, akaomba karatasi. Akasoma taratibu, kwa sauti ya kutangaza habari: "Kuwa kinara katika utoaji wa huduma bora, za kisasa na za uhakika za kusuka nywele kwa maendeleo endelevu ya jamii yetu." Alibadilisha kitu kimoja tu, palipoandikwa kuzalisha vifaranga yeye aliweka kusuka nywele. Akasema ataipeleka saluni jioni hiyohiyo, na kama mama hana neno ataomba na fremu.

Mama alijaribu kukunja uso, ikashindikana. Akaanza kucheka kwa mabega, kisha kwa sauti, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akachukua kalamu kwa mzee akaikata dira mwenyewe, mstari mmoja mrefu, akasema itabaki ukutani kwake ambako hakuna anayeuliza afanye nini.

Sikushinda kila kitu, wala sikushindwa kila kitu. Kuna mahali mzee alitaka kushusha "ubora wa hali ya juu" nami nikamkubalia, lakini mama akasema subirini, hapo kuna kitu. Alikuwa ameniambia jambo siku ile ya kwanza, nami ndivyo nilivyoliandika. Jambo lenyewe ni kwamba kabla ya kuwafunga huwachambua vifaranga kwa ukubwa, ili kila mfuko uwe na wanaolingana, kwa sababu wakubwa wakichanganywa na wadogo huwanyang'anya chakula. Tukaandika hivyo. Ilikuwa ndefu kuliko maneno yaliyoondoka, na mzee aliipokea bila kuhoji. Tangu hapo kila neno lililovimba tulilipekua kwanza kabla ya kulishusha, kwa maana baadhi yalikuwa yamemkalia mtu. "Mazingira rafiki" yalikuwa yamekalia ukweli kwamba njia ya kwenda kwa mama hupitika kwa gari dogo hata wakati wa mvua. "Wadau mbalimbali" hawakuwa wamekalia mtu yeyote.

Nimewaza sana tangu wakati ule kwa nini maneno haya yanatutoka kirahisi hivi. Sidhani ni uvivu tu. Sisi ni watu tusioingia kwenye nyumba ya mtu na kutaja shida yetu mlangoni. Tunapiga hodi, tunaulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mvua, na ndipo shida inakuja, tena kwa kuzunguka. Ni adabu nzuri na sitaki ipotee. Lakini karatasi haina mtu wa kuamkia, na anayeisoma ana mfuko wa samaki mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga hodi kurasa nne nzima bila kuingia ndani.

Kufikia mchana kurasa sita zilikuwa zimebaki moja na nusu. Hapo ugonjwa mwingine ukanishika. Mtu aliyezoea kulimbikiza akionja kukata, hukata kwa pupa. Mzee alikuwa amekwenda kutafuta chai na mama amekwenda naye. Nikabaki na maelekezo ya kupokea samaki, ambayo mama alikuwa ameyasema na mbunifu kuyaandika. Niliyapitia kwa kalamu nyekundu, nikiwa nimelewa. Palipoandikwa "ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya mfuko", nikaona neno limesemwa mara mbili. Nikalishusha lote. Ongeza maji ya bwawa ndani ya mfuko. Safi, kavu, kama mwiba wa sato.

Waliporudi, mama hakuisoma karatasi. Alisema mzee kapata hasara kwa sababu sisi wote tuliiamini karatasi tukiwa tumeketi, bila kuijaribu. Akaomba beseni la maji, mfuko wa nailoni na mtu asiyejua lolote kuhusu samaki. Mbunifu akajitolea. Tukajaza mfuko maji nusu, tukatia vizibo sita vya soda viwe vifaranga, tukaufunga, na beseni likawa bwawa. Sheria ilikuwa moja: asimuulize mtu, afanye kilichoandikwa tu.

Alianza vizuri. Aliweka mfuko juu ya maji, akaangalia saa, akaketi. Hatukusubiri dakika zote ishirini. Mama alimwambia ahesabu zimepita. Akafungua mfuko, akasoma mstari uliofuata, akachukua jagi la ofisi, akalijaza kutoka kwenye beseni na kulimimina lote ndani kwa mara moja. Vizibo vilirukaruka. Kimoja kilitoka kikaviringika hadi chini ya mashine ya kudurufu.

"Umewaua wote," mama akasema.

"Karatasi imesema niongeze maji," mbunifu akajibu. "Nimeongeza."

Mama akainama kusoma. Akaona mstari wangu mwekundu. Hakunipandishia sauti, lakini alizungumza nami kama anavyozungumza mtu na mtoto aliyechezea kiberiti. Akaeleza kwamba mfuko ukielea, joto la maji mawili hulingana, ila maji yenyewe bado ni tofauti, na samaki anahitaji kuyazoea. Ndiyo sababu ya kidogo kidogo. Katika karatasi nzima ile, alisema, hayo ndiyo maneno mawili ambayo angeyaacha kama angeambiwa aache mawili tu.

"Huyo alikuwa na tiketi," mzee akasema, akipuliza chai.

Nikayarudisha. Kisha nikaona hata yenyewe hayatoshi, kwa kuwa kidogo ya mtu mmoja ni jagi la mwingine. Tukakubaliana juu ya kikombe. Mbunifu akarudia zoezi kwa vizibo vitano, na safari hii vifaranga wote walifika salama.

Karatasi iliyochapwa ilisema hivi, baada ya jina na simu: Usifungue mfuko. Uweke juu ya maji ya bwawa uelee dakika ishirini. Jua likiwa kali, ufunike. Kisha ufungue, uongeze maji ya bwawa kidogo kidogo: kikombe kimoja, subiri dakika mbili, kikombe kingine, mpaka vitimie vikombe vitano. Kisha laza mfuko majini, samaki watoke wenyewe. Usiwamwage. Usiwalishe leo; walishe kesho asubuhi. Upande wa pili ulikuwa na ukubwa wa vifaranga, namna ya kuagiza na njia ya kufika. Hakukuwa na kukunja. Mbunifu alikuza herufi mpaka mtu aliyesahau miwani angeweza kusoma, na bado ilibaki nafasi nyeupe pembeni kote. Mkono uliniwasha. Nikapendekeza kaneno ka shukrani, angalau kwa wateja wetu wapendwa. Mzee alinitazama tu.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda bandarini kumsaidia mama. Kila boksi lilikuwa na karatasi mbili zilizobandikwa kwa utepe wa gundi. Meli iliondoka, mama akarudi kwenye matangi yake, nami nikarudi ofisini na sikufanya kazi yoyote ya maana. Usiku nilitunga kichwani visingizio kadhaa. Vyote, niligundua, vilianza na "ikumbukwe kwamba".

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa mama kabla hajanywa chai. Tulisubiri. Hakutaka kupiga yeye. Alisema mtu aliyefiwa asiharakishwe. Simu iliita jua likiwa limeshapanda. Akaiweka kwenye spika, akaishika mbali na uso kama kitu cha moto. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, na alianza na salamu zote za kawaida, za nyumbani, za kazi, za afya, na mama akaziitikia moja moja huku macho yake yakiniomba nimpunguzie. Ndipo mama akauliza wamekufa wangapi.

"Wanne," mwenyekiti akasema. "Wengine tumewalisha asubuhi hii, wamekula."

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenyekiti, akidhani simu imekatika, aliita haloo mara tatu.

Lakini alikuwa na lalamiko. Walikuwa wamemwalika mheshimiwa diwani aje kupokea samaki, wakakodi kipaza sauti, na kwa kuwa hawakuwa na risala walimkabidhi karatasi yetu aisome mbele ya watu. Aliisoma upande wa kwanza, ikaisha. Akageuza, akasoma upande wa pili, ikaisha. Alikuwa bado hajatoa hata leso. Watu walikuwa wamekaa, akina mama wa kikundi wamevaa sare, na mgeni rasmi amesimama na kipaza sauti mkononi hana pa kwenda. Mwenyekiti alisema waliona aibu kweli. Karatasi gani ya wasomi inakwisha upesi hivyo.

Nikamuuliza, kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa mama, ikawaje.

Ikawa, alisema, mheshimiwa akaanza yake mwenyewe kutoka kichwani. Mifuko walikuwa wameshaiweka majini aliposoma mahali penye dakika ishirini, kwa hiyo wakamwacha aseme, katibu akiangalia saa ya simu. Aliposema "kwa kumalizia" mara ya kwanza, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja, wakatulia. Aliposema "kwa kumalizia" mara ya pili zilikuwa zimetimia ishirini na moja, wakafungua mifuko wakaanza na vikombe. Yeye akaendelea kuwashukuru wadau. Kila shukrani kikombe. Alipotoa leso kujifuta jasho, samaki walikuwa wameshatoka wote wenyewe, hakuna aliyemwagwa.

Mama akauliza kwa wasiwasi kama mheshimiwa hakukasirika watu kumpa mgongo.

"Akasirike nini?" mwenyekiti akasema. "Amesema hajawahi kuhutubia watu waliotulia vile."

Kisha akataja vikundi vile vingine vitatu, ambavyo viongozi wake walikuwepo na wameona, na mama akanipungia mkono nimletee daftari. Kila kikundi kiliagiza vifaranga na karatasi zake. Kimoja kiliomba pia tukiandikie risala ya nusu saa kwa ajili ya mgeni wao rasmi. Mama alinitazama, akaniambia kazi hiyo niichukue mimi.